Neno ambatani au nomino na kivumishi? Vipimo vya Kiingereza na vya Kiswahili vikilinganishwa

Miaka michache baada ya kuanza kazi ya kutafsiri, nilipewa tangazo fupi la ajira la shule moja binafsi iliyokuwa ikitafuta "English teacher". Kwa haraka ya mtu anayelipwa kwa ukurasa, nikaandika kwamba anatafutwa "mwalimu Mwingereza". Tangazo likabandikwa, na siku mbili zikapita bila mwalimu hata mmoja kujitokeza, kwa kuwa waliolisoma walikuwa Watanzania watupu na kila mmoja aliona halimhusu. Aliyetakiwa alikuwa mwalimu wa Kiingereza, wa taifa lolote.

Kosa lile halikutokana na kutojua maneno. Lilitokana na kutojua kwamba maandishi yale yale ya Kiingereza hubeba miundo miwili. "English" ikiwa kivumishi, humweleza mwalimu: ni Mwingereza. Ikiwa nomino iliyoungana na "teacher", basi yale maneno mawili ni neno moja ambatani, na "English" hutaja somo. Kiswahili hakina utata huo hapa, kwa sababu miundo hiyo miwili hatuisemi kwa namna moja: tuna "mwalimu Mwingereza" na tuna "mwalimu wa Kiingereza". Hata hivyo, Kiswahili nacho kina mahali pake pa kuteleza, ila si pale pale. Ndiyo sababu anayezihudumia lugha hizi mbili hawezi kubeba kipimo cha lugha moja akakitumia katika nyingine, na makala haya yanaviweka vipimo hivyo ubavu kwa ubavu ili msomaji ajue kipi cha kushika na wapi.

Kwanza tuuondoe ushahidi usioaminika, nao ni nafasi kati ya maneno. Waingereza huandika "greenhouse" kwa kuunganisha, "ice cream" kwa kutenganisha, na "mother-in-law" kwa vistari, na yote matatu ni maneno ambatani. Kwetu utakuta "garimoshi" na "gari moshi", "batamzinga" na "bata mzinga", wakati mwingine katika gazeti moja la siku moja. Mwandishi huandika kwa mazoea, na mazoea hayafuati muundo kila mara. Basi nafasi isihesabiwe.

Kiingereza: sikio kwanza, kisha "very"

Katika Kiingereza kipimo cha kwanza ni mkazo. Chukua "blackbird", jina la ndege mmoja anayejulikana sana Ulaya, na "black bird", yaani ndege yeyote mweusi, awe kunguru au mwingine. Katika neno ambatani sauti hupanda juu ya "black" na kushuka kwenye "bird". Katika nomino na kivumishi, uzito huangukia "bird". Ndivyo ilivyo kwa "greenhouse", kile kibanda cha kioo au cha nailoni cha kuoteshea mimea, mbele ya "green house", nyumba iliyopakwa rangi ya kijani. Na ndivyo ilivyo kwa mwalimu wetu: mkazo ukiwa kwenye "English", ni mwalimu wa somo, ukiwa kwenye "teacher", ni mwalimu mwenye asili ya Uingereza. Laiti ningesomewa lile tangazo kwa sauti, nisingekosea.

Sikio linasaidia, lakini lina mipaka miwili ambayo hufundishwa kwa nadra. Wa kwanza ni kwamba mkazo huhama mtu anapopinga jambo. Anayesema kwamba alimtaka ndege mweusi wala si mweupe ataisukuma sauti juu ya "black" ingawa bado anatumia kivumishi cha kawaida. Wa pili ni mgumu zaidi: kuna jozi za nomino na nomino ambazo muundo wake ni mmoja na mkazo wake ni tofauti, bila sababu inayoonekana. Katika "apple cake" mkazo huwa kwenye "apple", lakini katika "apple pie" huwa kwenye "pie". Majina ya barabara yana mchezo huo huo: "Oxford Street" huelemea "Oxford", ilhali "Oxford Road" huelemea "Road". Mtu anayeutegemea mkazo peke yake atalazimika kusema kwamba andazi moja la tufaha ni neno na jingine ni kirai, yaani fungu la maneno tu, jambo ambalo halina maana.

Kwa hiyo sikio lifuatwe na kipimo cha pili, ambacho ni kukiongeza nguvu kile kinachodhaniwa kuwa kivumishi. Unaweza kusema "a very black bird" na "a blacker bird", kwa sababu "black" pale ni kivumishi kilicho hai. Huwezi kusema "a very blackbird". Mpeleke "English teacher" wa somo kwenye kipimo hicho: "a very English teacher" ni mwalimu mwenye tabia za Kiingereza hasa, labda anakunywa chai kila saa kumi, na maana ya somo imetoweka. Kipimo kimekuonyesha kwamba katika maana ya somo hapakuwa na kivumishi.

Kipimo cha tatu ni kukitoa kile kivumishi na kukiweka baada ya kitenzi. "The bird is black" ni sentensi nzuri kwa ndege mweusi. Lakini jike la "blackbird" ni la rangi ya kahawia, na Mwingereza husema bila kusita kwamba "blackbird" fulani ni wa kahawia, wala hasikii mgongano wowote. Rangi iliyomo ndani ya jina imekwisha kufa kama sifa na kubaki kama sehemu ya jina. Vivyo hivyo, "blackboard" nyingi za darasani zina rangi ya kijani.

Vipimo hivi viwili vya mwisho vina udhaifu wa pamoja, nao ni kwamba si kila kivumishi hukubali kuongezwa nguvu au kuwekwa baada ya kitenzi. Kivumishi chenye maana ya "-a atomiki" hakichukui "very", lakini bado ni kivumishi. Kukataa "very" peke yake, kwa hiyo, hakutoshi kuhukumu. Kukubali ndiko kunakotosha.

Kiswahili: mbona vipimo hivyo havifiki mbali

Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na kwa kuwa mahali pake ni pale pale tu, hauwezi kufanya kazi unayofanya katika Kiingereza. Ni kweli kwamba "gari la moshi" lina mikazo miwili, kwenye "ga" na kwenye "mo", na "garimoshi" lina mmoja tu, kwenye "mo". Lakini msemaji anapoongea kwa kasi, mkazo wa kwanza wa kirai nao hufifia, na sikio linabaki halina la kusema. Nimejaribu kuwatega wanafunzi kwa njia hiyo na matokeo yakawa kubahatisha tu.

Badala yake Kiswahili kina silaha ambayo Kiingereza hakina, nayo ni upatanisho wa kisarufi. Kivumishi cha Kiingereza hakibadiliki umbo. Chetu hufuata ngeli ya nomino. "Kitabu kizito" huwa "vitabu vizito". Nomino ikikaa nyuma ya nomino ili kuunda neno ambatani, haifuati: "mwanasheria" huwa "wanasheria", na "sheria" haitikisiki, "bwana shamba" huwa "mabwana shamba", "punda milia" wawili ni "punda milia wawili", na "milia" inabaki ilivyo kwa sababu ni nomino, ni wingi wa mlia, hata kama anayeitazama kwa haraka huidhania kuwa sifa ya punda. Hapa pia panaonekana tofauti ya mpangilio: neno kuu la Kiingereza kwa kawaida hukaa mwisho, ndiyo maana "houseboat" ni aina ya mashua na "boathouse" ni aina ya nyumba, na wingi huwekwa mwishoni. Letu hukaa mwanzoni, na wingi huanzia huko.

Mtu akisimama hapo atadhani kazi imekwisha: kinachopatana ni kivumishi, kisichopatana ni sehemu ya neno ambatani. Kazi haijaisha, kwa sababu kanuni hiyo hupasuka pande zote mbili.

Upande wa kwanza ni vivumishi visivyopatana. Hodari, safi, bora, ghali na rahisi, vingi vyake vya asili ya Kiarabu, havichukui kiambishi cha ngeli. Weka "askari hodari" karibu na "askari kanzu", yaani askari asiyevaa sare. Umoja na wingi wa vyote viwili ni sawa: askari hodari mmoja, askari hodari kumi, askari kanzu mmoja, askari kanzu kumi. Upatanisho umenyamaza. Hapa ndipo kipimo cha kitenzi, kile kile tulichokiona kwa Waingereza, kinapofaa: "askari huyu ni hodari" ni sentensi, "askari huyu ni kanzu" ni kichekesho. Ongeza "sana": "askari hodari sana" inakubalika, "askari kanzu sana" haikubaliki. Basi "askari kanzu" ni neno ambatani hata likiandikwa kwa nafasi.

Upande wa pili ni maneno ambatani ambayo ndani yake upatanisho bado uko hai. "Mjamzito" ni mfano bora. Limeundwa na nomino "mja" na kivumishi "-zito", na wingi wake hubadilisha sehemu zote mbili: wajawazito. Kwa kipimo cha upatanisho peke yake ungesema ni nomino na kivumishi, sawa na "mtu mzito". Lakini hakuna anayesema "yule mja ni mzito" akimaanisha kwamba ana mimba, na neno lile limezaa nomino dhahania "ujauzito", ambayo nayo imebadilisha viambishi viwili kwa mpigo. "Mwanamke" ni ndugu yake: wingi ni wanawake, pande zote mbili zimegeuka, na bado hakuna atakayekwambia kwamba ni mwana aliye wa kike, kwa sababu bibi wa miaka 80 naye ni mwanamke.

Kipimo cha "wangu"

Kwa hiyo, nikilazimishwa kuchagua kipimo kimoja tu cha Kiswahili, sichagui upatanisho. Nachagua kuchomeka kimilikishi au kionyeshi, yaani neno kama "wangu" au "huyu", katikati. Katika Kiswahili kimilikishi hupenda kukaa mara tu baada ya nomino yake, kabla ya kivumishi: "gari langu jekundu", "mtoto wetu mdogo". Kama maneno mawili ni nomino na kivumishi, mlango uko wazi na "langu" linaingia. Kama ni neno ambatani, mlango umefungwa na kimilikishi hulazimika kungoja nje.

Tazama kinavyoyachambua maneno yanayofanana kwa macho. "Mwana mpotevu" hukubali: mwanangu mpotevu. "Mwanasheria" hukataa: husemi "mwanangu sheria", unasema "mwanasheria wangu". "Bwana shamba" hukataa: ni "bwana shamba wetu", kamwe si "bwana wetu shamba". "Bibi harusi" hukataa pia. "Mjamzito", ambalo upatanisho ulikuwa umetudanganya, nalo hukataa: ukisema "mja huyu mzito" umevunja neno na kupata kitu kingine, labda mtumwa wa Mungu mwenye kilo nyingi.

Mbona kipimo hiki hakikutajwa kwa Kiingereza? Kwa sababu kimilikishi cha Kiingereza hukaa mbele ya kila kitu, "my black bird" na "my blackbird", hivyo hakiwezi kuingia katikati hata pale panapopitika. Kiingereza kina jaribio la jirani, la kutia kivumishi kingine katikati, lakini husumbua kwa sababu vivumishi vyao vina utaratibu wake wa kufuatana.

Kipimo cha "wangu" nacho kisipewe kazi isiyo yake. Kinatenganisha neno ambatani na kirai. Hakikwambii kirai hicho ni cha namna gani. "Kituo cha basi" hukubali "kituo chetu cha basi", na "daktari wa meno" hukubali "daktari wangu wa meno", lakini hakuna kivumishi ndani ya yote mawili. Ni virai vyenye kiunganishi "-a". Mfasiri hukutana na virai hivi kila siku, kwa kuwa sehemu kubwa ya maneno ambatani ya Kiingereza yenye nomino mbili hugeuka kuwa hivyo kwetu.

"Mtu mzima": neno lililosimama mlangoni

Kuna mfano mmoja ambao ningependa kukaa nao, kwa sababu unaonyesha kwamba mpaka huu una eneo la katikati. Mtu aliyetoka kwenye ajali ya basi anasema: "Tulimkuta mtu mzima". Anamaanisha nini? Huenda walimkuta mtu akiwa hai bila jeraha, au walimkuta mtu ambaye si mtoto. Kwa maandishi huwezi kujua, kama nilivyoshindwa mimi na "English teacher".

Upitishe mfano huu kwenye vipimo kimoja kimoja. Upatanisho unasema "watu wazima" kwa maana zote mbili, hivyo hausaidii. Kitenzi kinasaidia: "yule mtu ni mzima" husikika kwanza kama habari ya uhai au afya, ilhali "yule ni mtu mzima" ni habari ya umri. Kionyeshi nacho kinatenganisha: "mtu yule mzima" humvuta msikilizaji kwenye uhai, na "mtu mzima yule" kwenye umri. Mpaka hapo ungeamua kwamba "mtu mzima" wa umri ni neno ambatani, na ungepata ushahidi zaidi katika "utu uzima", lililozaliwa kwa njia ile ile iliyozaa "ujauzito".

Kisha anakuja "sana" kuharibu hesabu. Watu husema "baba yake ni mtu mzima sana", wakimaanisha kwamba ana umri mkubwa. Kama "mtu mzima" ni nomino ambatani, "sana" inafuata nini? Jibu langu ni kwamba inafuata neno zima, ambalo likikaa baada ya "ni" hufanya kazi kama sifa. Wapo watakaosema hili ni dai la kuokoa nadharia, nami siwezi kuwalaumu. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba "sana" ya Kiswahili haina nguvu ya "very" ya Kiingereza. "Very" ikikubalika, kivumishi kimethibitika. "Sana" ikikubalika, bado hujui imeshika neno gani, kwa sababu hukaa mwisho wa kirai na haigusi sehemu moja peke yake. Ndiyo maana kwa Kiswahili naiweka chini ya "wangu".

Nomino za watendaji, na swali la kuunganisha

Kundi la mwisho halina kivumishi kabisa, lakini ndilo linaloleta maswali mengi kwa wahariri: mpiga picha, mlipakodi, mfanyabiashara, kifungua kinywa, kipaza sauti. Kiingereza hugeuza mpangilio, "taxpayer" ikiwa na kodi mbele na mlipaji nyuma, kwetu mlipaji mbele na kodi nyuma, kama ilivyo katika sentensi. Muundo wa kitenzi na yambwa yake, yaani kile kinachotendwa, ambao kwa Waingereza umebaki katika maneno machache kama "pickpocket" na "breakfast", kwetu ni kiwanda kinachofanya kazi mchana na usiku.

Yote haya hukataa "wangu" katikati. Lakini hayajafunga mlango kwa kiasi kimoja, na kinachoonyesha hivyo ni neno linalofuata. Muuza mkaa huitwa "mfanyabiashara wa mkaa". Kiunganishi "wa" kimepatana na mfanyabiashara mzima. Biashara iliyomo ndani haionekani tena, la sivyo tungesema "ya mkaa". Sasa mfikirie anayepiga picha za harusi. Utasikia "mpiga picha wa harusi", na utasikia pia "mpiga picha za harusi". Katika usemi wa pili, "za" imepita juu ya mpiga na kushika picha zenyewe, jambo linalowezekana tu kama "picha" bado ni nomino inayojitegemea.

Mhariri anayeuliza kama aunganishe au atenganishe anaweza kutumia jaribio hilo. Katika "mfanyabiashara", ambapo hakuna anayesikika akipatanisha na biashara, kuunganisha hakuna ubishi, na kwa kweli sijaona gazeti linaloandika vinginevyo. Katika "mpiga picha", mimi hutenganisha ninapohariri maandishi yenye "za harusi", kwa sababu kuandika "mpigapicha za harusi" ni kuifungia nomino ndani ya neno kisha kuiita itoke kuja kupatana. Pale mwandishi anapotumia "wa harusi", humwachia uamuzi, na wengi huacha nafasi.